Bei halisi ya mkopo: kulinganisha ofa tatu zenye riba, ada, bima na muda tofauti

Shangazi yangu ana mgahawa mjini Morogoro, na kwa muda mrefu alikuwa akitafuta shilingi 3,000,000 za kununua friza kubwa na kubadilisha jiko la mkaa kwa jiko la gesi. Siku moja alikuja nyumbani na karatasi tatu alizozikunja ndani ya daftari lake la mauzo, kila moja kutoka kwa mkopeshaji wake. Kwenye kila karatasi afisa mikopo alikuwa amezungushia kalamu namba moja, ile aliyotaka mteja aondoke nayo kichwani. Kampuni ya mikopo ilizungushia asilimia 2.5 kwa mwezi, benki ikazungushia asilimia 21 kwa mwaka, na taasisi ya mikopo ya muda mfupi ikazungushia asilimia 1.5 kwa mwezi.

"Mwanangu," akaniuliza, "huyu wa moja na nusu si ndiye mwenye nafuu?"

Swali lake lilikuwa la haki, lakini halikuwa na jibu kwa namba zile zilizozungushiwa, kwa sababu namba hizo tatu hazipimi kitu kimoja. Moja inahesabu riba juu ya mkopo wote wa mwanzo, mbili zinahesabu juu ya deni lililobaki. Moja ni ya miezi 24, nyingine ya 12, nyingine ya 6. Na hakuna hata moja iliyobeba ndani yake ada ya kuchakata maombi wala bima. Kuzilinganisha jinsi zilivyo ni sawa na kulinganisha bei ya debe la mahindi na bei ya kilo ya mahindi kwa kuangalia tarakimu peke yake.

Kipimo kinachoziweka kwenye mizani moja kinaitwa kiwango halisi cha riba kwa mwaka. Maana yake ni riba ya mwaka ambayo, ikitozwa juu ya fedha ulizozishika mkononi kweli na juu ya deni linalopungua kila unaporejesha, itafanya marejesho yote uliyokubali kulipa yalimalize deni hilo bila kubaki wala kupungukiwa. Ili kukipata hauhitaji kujua mkopeshaji ameiita vipi riba yake. Unahitaji kujua fedha gani zimeingia mkononi mwako, fedha gani zitatoka, na zitatoka lini.

Nianze na kampuni ya mikopo, kwa kuwa karatasi yake ndiyo iliyohitaji kufunuliwa zaidi. Asilimia 2.5 kwa mwezi kwa miezi 12 shangazi aliisoma kuwa asilimia 30 kwa mwaka, na afisa naye alimwambia hivyo hivyo. Lakini riba hii ni ya flati, yaani inakokotolewa juu ya shilingi 3,000,000 za mwanzo kila mwezi mpaka mwisho, hata baada ya sehemu kubwa ya deni kulipwa. Asilimia 2.5 ya 3,000,000 ni 75,000. Mara 12 ni 900,000. Jumla ya deni inakuwa 3,900,000, na ukigawanya kwa 12 unapata rejesho la shilingi 325,000 kila mwezi.

Ndani ya kila rejesho hilo mna 250,000 za mtaji na 75,000 za riba. Mwezi wa kwanza unadaiwa 3,000,000 na unalipia 75,000, kwa hiyo asilimia 2.5 ni kweli kwa mwezi huo. Mwezi wa saba deni la mtaji lililobaki ni 1,500,000 na bado unalipa 75,000, ambayo sasa ni asilimia 5. Mwezi wa kumi na mbili unadaiwa 250,000 tu, na bado unalipa 75,000. Kwa mwezi huo mmoja unatozwa asilimia 30 ya deni ulilonalo. Kwa wastani wa mwaka mzima, deni la mtaji ulilolishika ni 1,625,000, wala si 3,000,000, na ndiyo maana kanuni ya haraka ya watu wa mikopo husema kwamba riba ya flati ikaribie kuzidishwa mara mbili kabla ya kuilinganisha na riba ya salio linalopungua. Kanuni hiyo inatosha kukushtua, lakini haitoshi kukufanya uamue.

Kisha zinakuja ada. Kwenye karatasi ya kampuni, chini kabisa, kulikuwa na mistari miwili ya maandishi madogo: ada ya uchakataji asilimia 3 na bima ya mkopo asilimia 1, zote zikikatwa kabla ya fedha kutolewa. Ni shilingi 90,000 na 30,000. Shangazi angesaini mkataba wa 3,000,000, na angetoka ofisini na 2,880,000. Riba, hata hivyo, ingetozwa juu ya 3,000,000, pamoja na zile 120,000 ambazo hakuziona.

Kwa hiyo swali sahihi ni hili: ni riba gani kwa mwezi inayoifanya 2,880,000 ilipwe yote kwa marejesho 12 ya 325,000? Kwenye lahajedwali, hata ile ya simu, fomula yake ni fupi. Namba ya kwanza ni idadi ya marejesho, ya pili ni rejesho lenyewe likiwa na alama ya kutoa kwa sababu linatoka mfukoni mwako, ya tatu ni fedha ulizopokea mkononi.

```
=RATE(12,-325000,2880000)
=(1+RATE(12,-325000,2880000))^12-1
```

Mstari wa kwanza unatoa takriban asilimia 5.0 kwa mwezi. Mstari wa pili unaigeuza kuwa ya mwaka, na jibu lake ni asilimia 79.7. Ukiondoa ada na bima, yaani ukiweka 3,000,000 mahali pa 2,880,000, jibu linakuwa asilimia 65.5. Hapo unaona mambo mawili yaliyojificha kwenye asilimia 30: mtindo wa flati, riba ikihesabiwa kwa kulimbikiza, umeipandisha hadi 65.5, na makato ya mwanzoni yameongeza pointi nyingine 14.

Asiyeamini fomula anaweza kuihakiki kwa kalamu, na mimi nilifanya hivyo na shangazi kwenye ukurasa wa nyuma wa daftari lake, kwa kuwa hakutaka kuamini namba iliyotoka kwenye simu. Mwezi wa kwanza anadaiwa 2,880,000. Asilimia 5 yake ni 144,000. Analipa 325,000, kwa hiyo mtaji unapungua kwa 181,000 na salio linakuwa 2,699,000. Mwezi wa pili riba ni 134,950, mtaji unapungua kwa 190,050, salio 2,508,950. Mwezi wa tatu riba ni kama 125,450, salio linashuka hadi takriban 2,309,400. Tuliendelea hivyo mpaka mwezi wa kumi na mbili, na mwishoni alikuwa amezidisha malipo kwa shilingi kama 1,000 tu. Ziada hiyo ndogo inaonyesha kwamba riba halisi iko juu kidogo sana ya asilimia 5. Tungejaribu asilimia 2.5 kwa njia hiyo hiyo, deni lingeisha kwenye rejesho la kumi na moja, kabla ya rejesho la mwisho, na hilo lingetosha kuthibitisha kwamba 2.5 siyo bei anayolipa.

Hapa nieleze jambo linalowachanganya hata watu wenye uzoefu. Asilimia 5 kwa mwezi mara 12 ni 60, lakini nimeandika 79.7. Zote mbili huonekana kwenye makaratasi. Ya kwanza ni ya kuzidisha tu. Ya pili inazingatia kwamba shilingi unayoilipa mwezi wa kwanza ingeweza kukaa kwako na kufanya kazi kwa miezi 11 iliyobaki, na kwamba riba ya mwezi huzaa juu ya riba ya mwezi uliotangulia. Nchini Kenya mabenki yalianza mwaka 2014 kumtajia mkopaji gharama ya mwaka inayojumuisha riba na ada, na huko pia swali la kwanza kuuliza ni kama namba uliyopewa imezidishwa au imelimbikizwa. Unaweza kutumia yoyote kati ya hizo mbili, mradi utumie ileile kwa wakopeshaji wote. Makala hii inatumia ya kulimbikiza.

Sasa tuje kwa benki. Asilimia 21 kwa mwaka, riba ya salio linalopungua, miezi 24. Kwa mwezi ni asilimia 1.75, na rejesho ni shilingi 154,157. Mwezi wa kwanza 52,500 kati ya hizo ni riba na zilizobaki ni mtaji. Mwezi wa mwisho riba ni kama 2,650 tu. Ndivyo riba ya salio linalopungua inavyotakiwa kuonekana kwenye jedwali la marejesho, na kama jedwali ulilopewa linaonyesha riba ileile kila mwezi, basi ni flati, hata kama afisa ametamka vinginevyo.

Benki nayo ilikuwa na ada zake. Uchakataji asilimia 2.5, yaani 75,000. Bima asilimia 1 kwa kila mwaka wa mkopo, ikilipwa yote mwanzoni, yaani 60,000 kwa miaka miwili. Na shilingi 45,000 za kuthamini na kuandikisha dhamana, ambazo hazikuwa kwenye karatasi kabisa. Shangazi aliambiwa kwa mdomo kwamba zitalipwa taslimu kwa mthamini. Gharama za namna hii husahaulika kwa urahisi kwa kuwa hazipiti mikononi mwa benki, lakini kama bila kuzilipa haupewi mkopo, basi ni sehemu ya bei ya mkopo. Jumla ni 180,000, na fedha za mkononi ni 2,820,000.

```
=(1+RATE(24,-154157,2820000))^12-1
```

Jibu ni asilimia 31.3. Bila ada lingekuwa 23.1.

Taasisi ya tatu, ile iliyompendeza shangazi, ilitoza asilimia 1.5 kwa mwezi, nayo juu ya salio linalopungua, kwa miezi 6. Kwa mtindo wa benki, hiyo ni asilimia 18 kwa mwaka, ndogo kuliko zote. Rejesho lake ni 526,576. Ada ya uchakataji ni asilimia 4 na bima asilimia 1, jumla 150,000, kwa hiyo mkononi zinafika 2,850,000. Ukiziingiza kwenye fomula, kwa marejesho 6, unapata kiwango halisi cha asilimia 43.0.

Yenye tangazo dogo kuliko zote imekuwa ghali kuliko benki kwa karibu pointi 12, na sababu yake ni muda. Ada hulipwa mara moja, mkopo uwe wa miezi 6 au wa miaka 2. Shilingi 150,000 zikiwa ni gharama ya kutumia fedha kwa miezi 6 ni mzigo mzito kwa kila mwezi. Zikitandazwa kwenye miezi 24 zinakuwa nyepesi. Nilimfanyia shangazi jaribio: nikachukua ofa hiyohiyo, riba ileile ya 1.5 na ada zilezile za 150,000, nikabadilisha muda tu uwe miezi 24. Rejesho likashuka hadi 149,772 na kiwango halisi kikashuka kutoka 43.0 hadi 26.0. Hakuna kilichobadilika kwenye riba wala kwenye ada. Kwa hiyo ada ya asilimia 5 kwenye mkopo wa mwezi mmoja au miwili si kitu kidogo hata kidogo, na mwenye kukopa na kurudia kukopa mikopo mifupi, akilipa ada upya kila mara, ndiye anayeumia zaidi.

Mpaka hapa mpangilio unaonekana wazi: benki 31.3, taasisi ya muda mfupi 43.0, kampuni 79.7. Makala nyingi za mikopo huishia hapa na kusema chukua ya chini. Mimi nasita, kwa sababu shangazi alipojumlisha shilingi kwa kalamu yake alipata mpangilio mwingine. Kwa taasisi ya miezi 6, riba na ada zote ni 309,456. Kwa benki ni 879,768. Kwa kampuni ni 1,020,000. Kwa hesabu ya shilingi, ofa yenye asilimia 43 ni nafuu kuliko yenye asilimia 31 kwa zaidi ya nusu milioni.

Hesabu zote mbili ni sahihi. Kiwango halisi ni bei ya kutumia fedha kwa mwaka. Jumla ya shilingi ni bei hiyo ikizidishwa kwa kiasi cha fedha ulichokishika na muda uliokishika. Mkopo wa benki unakuachia fedha za watu kwa miaka miwili, kwa hiyo unazilipia kwa miaka miwili, hata kama kila mwezi unalipia kidogo. Anayekwambia "riba yetu jumla ni ndogo" kwa kulinganisha miezi 6 na 24 anakupotosha, na anayekwambia "kiwango chetu ni cha chini" huku akikurefushia muda usiouhitaji anakupotosha vilevile. Ndiyo maana ofa zilinganishwe kwa muda mmoja kwanza, na muda huo uchaguliwe na mkopaji kwa kuangalia mapato yake, kabla hajauliza bei.

Kwa shangazi muda ulijichagua wenyewe. Daftari lake la mauzo lilionyesha kwamba baada ya kodi ya pango, mishahara ya wasichana wawili, mboga na gesi, kinachobaki kwa mwezi wa kawaida ni kati ya 300,000 na 350,000. Rejesho la 526,576 lisingewezekana hata mwezi wa kwanza. Na hili kiwango halisi hakilisemi: kinachukulia kwamba utalipa kila rejesho kwa tarehe yake. Ukichelewa, faini ya ucheleweshaji huingia, na mkopo uliokuwa wa asilimia 43 kwenye karatasi unakuwa wa asilimia nyingine usiyoijua. Mkopo usioweza kuulipa kwa ratiba yake hauna kiwango halisi kinachoaminika.

Kabla ya kufika kwenye uamuzi wake, kuna vifungu vichache vinavyobadilisha hesabu nzima, navyo niliviona kwenye mikataba ileile mitatu.

Kampuni ilikuwa na sharti la akiba ya lazima: asilimia 10 ya mkopo ibaki kwenye kampuni mpaka deni liishe, bila kuzaa faida. Afisa alisema si gharama, kwa kuwa fedha hizo utarudishiwa. Ni kweli utarudishiwa, lakini kwa mwaka mzima unalipa riba juu ya 300,000 ambazo ziko kwa mkopeshaji. Mkononi zinabaki 2,580,000, na rejesho la mwisho linakuwa 25,000 tu kwa kuwa 300,000 zinarudi siku hiyo. Malipo yasiyolingana hayaingii kwenye `RATE`. Yanaandikwa safu moja kwenye seli, la kwanza likiwa fedha ulizopokea, yanayofuata yakiwa marejesho yenye alama ya kutoa, kila moja kwenye mwezi wake:

```
=(1+IRR(A1:A13))^12-1
```

Jibu likapanda kutoka 79.7 hadi takriban asilimia 100. Sharti ambalo afisa hakuliita gharama liliongeza pointi 20.

Kifungu cha pili ni cha kulipa mapema. Shangazi alidhani kwamba akipata msimu mzuri atalimaliza deni nusu ya mwaka na kuokoa riba. Kwa benki, akimaliza baada ya miezi 12, analipa salio la mtaji lililobaki, kama 1,655,600, na riba ya mwaka wa pili inafutika. Ada hazirudi, kwa hiyo kiwango halisi kinapanda kutoka 31.3 hadi 34.0, lakini shilingi zinapungua sana. Kwa kampuni ya flati mkataba ulisema riba yote ya miezi 12 inadaiwa hata ukimaliza mapema. Akilipa yote mwezi wa sita, pamoja na rejesho la mwezi huo, anatoa 3,900,000 zilezile ndani ya nusu ya muda, na kiwango halisi kinavuka asilimia 115. Kwa mkataba wa namna hiyo, mwenye bidii ya kulipa haraka anaadhibiwa.

Kuhusu bima, iulizwe inalipa nini. Bima ya mkopo ya kawaida humaliza salio la deni mkopaji akifariki au akipata ulemavu wa kudumu, na hiyo ni kinga ya kweli kwa familia na kwa wadhamini. Hailipi biashara ikidorora. Kwa kuwa mkopeshaji ameifanya sharti, iingie kwenye hesabu yote. Uliza pia kama inakokotolewa juu ya mkopo wa mwanzo au juu ya salio, kama ni ya mara moja au ya kila mwaka, na kama sehemu ya mwaka usiotumika inarudishwa ukimaliza mapema. Baadhi ya wakopeshaji hawaikati mwanzoni bali huijumlisha pamoja na ada kwenye deni: unapokea 3,000,000 kamili lakini jedwali linaanza na 3,120,000. Hapo usikate kitu kwenye fedha za mkononi. Tumia 3,000,000 na rejesho jipya lililo kubwa zaidi. Kosa la kuhesabu mara mbili, kwa kukata ada na hapohapo kutumia rejesho lililokwisha kuibeba, hutokea mara nyingi.

Tarehe nazo zina uzito. `RATE` inachukulia kwamba rejesho la kwanza linakuja mwezi mmoja kamili baada ya kupokea fedha. Kama linaanza baada ya wiki mbili, kiwango halisi ni kikubwa kuliko kinachoonekana. Kama marejesho ni ya kila wiki, idadi ya marejesho iwe ya wiki na kipeo kiwe 52 badala ya 12. Nimeona mtu akiweka marejesho ya wiki 24 kana kwamba ni miezi 24, na mkopo wa bei kali ukaonekana wa huruma.

Kwa nini makaratasi haya hayatolewi na namba moja tayari? Tanzania ina Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, iliyoweka watoa huduma hao kwenye madaraja manne na kuipa Benki Kuu jukumu la kuwasimamia, kwa hiyo jambo la kwanza kabla ya hesabu yoyote ni kuomba kuona leseni. Asiye nayo, wa aina ile watu wanayoiita kausha damu, hana jedwali la kukupa, na bila jedwali hakuna cha kuhesabu. Mwenye leseni ana jedwali, nawe una haki ya kuliomba kabla ya kusaini. Uombe mambo manne kwa maandishi: kiasi kitakachoingia mkononi baada ya makato yote, rejesho kwa kila tarehe, kila malipo yanayofanywa nje ya rejesho, na salio litakalodaiwa ukimaliza katikati ya mkopo. Afisa anayeweza kujibu hayo manne amekupa kila kitu fomula inachohitaji. Anayerudi tena na tena kwenye asilimia yake ya tangazo hajakujibu.

Shangazi alirudi benki na swali moja: ofa ileile, kwa miezi 12. Walimwandikia upya. Rejesho likawa 279,341, na bima ikashuka hadi 30,000 kwa kuwa sasa ni ya mwaka mmoja; ada zote 150,000, mkononi 2,850,000. Kiwango halisi ni asilimia 35.9, juu kidogo ya 31.3 ya miezi 24 kwa sababu ada za uchakataji na uthamini zimebanwa kwenye mwaka mmoja. Lakini jumla ya riba na ada ikashuka kutoka 879,768 hadi 502,092, na rejesho likaingia ndani ya kile ambacho daftari lake linaweza kukibeba.

Kisha tukaiweka kando ya karatasi ya kampuni, sasa kwa muda mmoja na kiasi kimoja. Kwa kampuni angeshika 30,000 zaidi siku ya kwanza, kabla ya lile sharti la akiba, na angelipa 45,659 zaidi kila mwezi kwa miezi 12. Shangazi alizidisha mwenyewe, akapata 547,908, akaandika namba hiyo pembeni ya duara la kalamu lililozungushia 2.5, na akaikunja karatasi ile akairudisha ndani ya daftari.